Kigutu Kilichokwama Kwenye Shoka

Kijana wa jirani alikuja kwangu Jumamosi moja asubuhi, ukungu wa Lushoto ukiwa bado haujainuka, ameshika chuma cha shoka kwa vidole viwili kama mtu aliyebeba samaki. Mpini ulikuwa umekatika jana yake, chini kabisa ya chuma, na ndani ya tundu kilibaki kigutu cha mti ambacho hakikujitokeza nje hata kwa urefu wa kidole gumba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umejaribu kukitoa?"

"Nimekigonga tangu jana jioni. Hakitoki. Naona kinazidi kukaza."

Akanigeuzia nione. Upande wa juu, pale vichwa vya misumari ya kukazia vinapoonekana, mti ulikuwa umepondeka na kutandazika kama uyoga. Alikuwa amegonga hapo kwa jiwe kwanza, kisha kwa nyundo aliyoazima. Simlaumu. Ukilitazama shoka lililovunjika, upande wa juu ndio uliokaa vizuri, tambarare, kama unaosubiri kugongwa. Upande wa chini ni vibanzi vitupu vilivyochanika kila upande, na mkono wenyewe hauvutiwi kupiga hapo. Lakini aliposema kinazidi kukaza alikuwa anasema kweli tupu, na sababu yake imo katika umbo la tundu.

Tundu la shoka la dukani halikutobolewa sawa kama bomba. Chini, upande unaoingilia mpini, ni jembamba. Juu, upande wa pili, limepanuka kidogo. Anayetia mpini huuchonga hadi ukaingia kutoka chini kwa kubana, akaupitisha mpaka ncha yake ikachungulia juu. Ncha hiyo ina mkato wa msumeno. Ndani ya mkato hugongelewa kabari, na kabari inapozama mti hutanuka, ukaijaza ile nafasi pana ya juu. Sasa mpini una umbo la kizibo kilicho kinene juu na chembamba chini, na chuma hakiwezi kuchomoka kuelekea mbele hata ukilipiga shoka kwa nguvu namna gani. Hiyo ndiyo kinga ya mtu anayesimama karibu na mpasua kuni.

Kinga hiyo hiyo ndiyo inayokifunga kigutu. Ukikigonga kutoka juu, unalazimisha sehemu nene ipite kwenye tundu jembamba, na wakati huo huo unazamisha kabari na kuuzidisha mti unene. Kila pigo linafanya kazi ya yule fundi aliyeukaza mpini siku ya kwanza. Ukigonga kutoka chini, kigutu kinakwenda kwenye nafasi pana, na kikishasogea milimita mbili au tatu hakina tena kinachokishika.

Kijana hakuamini mara moja, nami sikutaka aamini kwa maneno. Nikachuma unyasi, nikaulaza kwenye urefu wa tundu upande wa chini, nikaukata kwa kucha uenee sawasawa. Kisha nikauhamishia upande wa juu. Ukapungua kwa milimita kama nne. Mtu yeyote anaweza kupima hivyo kabla hajainua nyundo, na ni vizuri apime, maana wapo mafundi wanaotia mpini katika chuma kilichogeuzwa juu chini. Hapo misumari itakuwa upande mwembamba na mwongozo wote utabadilika. Unyasi hausemi uongo: kigutu kitokee upande ulio mpana.

Kwa sululu na kwa yale majembe yenye tundu la duara, mambo ni mepesi. Mpini wake umechongwa ukiwa mnene kwenye kichwa, na chuma huvishwa kutokea upande wa kushikia, kikateleza hadi kikabana kwenye unene. Aghalabu hakuna kabari. Ukikatika, geuza chuma, gonga kigutu kutoka upande ule mpini ulikokuwa, kitaanguka kwa mapigo machache. Na lile shoka letu la kienyeji halina tundu kabisa kwenye chuma. Chuma chake kina mkia uliochongoka, na mkia ndio unaopenya kwenye kichwa kinene cha mpini, katika tundu lililochomwa kwa moto. Hapo mti ukipasuka hakuna kinachong'ang'ania chuma. Nadhani ndiyo maana wazee wetu hawakutuachia ujuzi mwingi wa kung'oa vigutu. Shoka lao halikuwa na ugonjwa huo.

"Mama aliniambia nikitie jikoni," kijana akasema. "Mti uungue, chuma kibaki."

Hapa nilimwomba akae chini.

Nilipokuwa na umri wake nilifanya hivyo hivyo. Shoka la baba lilikuwa limebaki na kigutu, nikalitumbukiza kwenye mafiga usiku baada ya chakula, nikalifunika kwa makaa. Asubuhi tundu lilikuwa safi kama limepigwa mswaki, lina majivu tu. Nikafurahi. Nikatia mpini mpya, nikaliendea gogo la mkaratusi lililokauka, na kabla ya saa moja kupita makali yalikuwa yamejikunja ukingoni kama kifuniko cha kopo la maziwa. Nikanoa. Yakajikunja tena. Nilipopitisha tupa, ilichimba bila shida, kama inavyochimba chuma cha dirisha. Shoka zima huwa halikubali hivyo. Tupa hung'ata kwa kubishana nalo. Baba hakunipiga, ila shoka lile tulilitumia miaka iliyobaki kwa kuchimbia mizizi tu.

Kilichotokea ni hiki. Makali ya shoka hufanywa magumu kwa kupashwa moto hadi yawe mekundu na kuzimishwa ghafla. Yakiachwa hapo yatakuwa magumu kama kioo, nayo yatakatika kama kioo. Kwa hiyo hupashwa tena, safari hii kwa joto la chini, ili yapungue ukali wa ugumu na kupata uvumilivu. Joto hilo la pili ni dogo kuliko watu wanavyodhani. Chuma kilichosuguliwa kikang'aa huanza kugeuka manjano kama ya majani makavu kwenye nyuzi 220 hivi za Selsiasi, kikaendelea hadi kahawia, zambarau, na kwenye nyuzi 300 huwa buluu. Makali yakivuka rangi waliyopewa kiwandani, ugumu umepotea na hauwezi kurudi kwa kunoa. Makaa ya jikoni yanafikisha chuma kwenye wekundu, ambao uko juu ya nyuzi 500. Usiku mmoja kwenye mafiga ni joto linalopita mbali lile linalotosha kuliua shoka.

Wako wanaofukia makali kwenye udongo uliolowana, wakawasha moto juu ya tundu peke yake. Kwa shoka, inawezekana, kwa sababu tundu si sehemu iliyofanywa ngumu na makali yako mbali nalo kiasi. Lakini udongo hukauka, na joto hutembea ndani ya chuma bila kumwaga jasho ili ulione. Kwa nyundo usithubutu. Uso wa nyundo umefanywa mgumu, nao uko sentimita chache tu kutoka kwenye tundu. Nyundo iliyochomwa itapata vishimo usoni kila inapopiga kichwa cha msumari, na haitapona.

Kijana akaniambia pia kwamba usiku ule alikiloweka chuma ndani ya ndoo, kwa kuwa amewaona watu wakiloweka. Amewaona, ndiyo, lakini wale walikuwa wanataka kukaza. Mti ukinywa maji hutanuka upana wake, na jembe linalocheza kwenye mpini hutulia kwa siku chache. Kigutu kilicholoweshwa hushika zaidi. Ila kuna jambo moja zuri ndani ya kosa hilo. Mti uliotanuka huku chuma kimeuzuia pande zote hujibana wenyewe, nyuzi zake zikapondeka. Ukikauka baadaye, hurudi ukiwa mdogo kuliko ulivyokuwa kabla ya kuloweshwa. Ndiyo sababu jembe lililokazwa kwa maji leo hulegea kuliko mwanzo baada ya wiki ya jua.

Basi nikamwambia alirudishe nyumbani, aliweke juu ya bati mchana, na usiku aliweke karibu na jiko mahali ambapo anaweza kulishika kwa mkono bila kuungua. Asiguse nyundo. Arudi Jumatano.

Jumatano alirudi. Kwenye shavu moja la tundu, kati ya mti na chuma, palikuwa na ufa mwembamba wa kupitisha wembe. Siku ya Jumamosi haukuwapo. Tukaanza kazi.

Kwanza tuliyafunga makali kwa kipande cha tairi la baiskeli na kamba, kwa sababu mtu anayeshughulika na tundu husahau kwamba upande wa pili wa chuma unakata. Halafu tukakikata kigutu kwa msumeno wa chuma, upande wa chini, kikawa sawasawa na mdomo wa tundu. Vibanzi vinavyoning'inia havina faida yoyote; ukivigonga hupasuka na kujikunja, nguvu ya pigo ikaishia humo.

Kisha tukageuka upande wa juu, kwenye ule uyoga. Tukauchonga kwa patasi mpaka misumari ikaonekana yote. Ilikuwa minne, na kati yake kipande cha raba ya tairi kilichokunjwa. Kiwandani shoka huja na kabari ya mti na pengine kabari ndogo ya chuma. Kwetu, mpini ukilegea, mtu huokota msumari. Ukilegea tena, msumari mwingine. Shoka hili lilikuwa na historia ya kulegea mara nne, na sasa historia hiyo yote ilikuwa imesimama njiani. Msumari mmoja ulikuwa na kichwa, tukaushika kwa koleo na kuuchomoa kwa kuuzungusha. Mitatu haikuwa na vichwa, ilikuwa imezama. Tuliiacha. Lakini huo mmoja ulifaa, kwa kuwa kila kabari inayotoka humwachia mti nafasi ya kujikunyata.

Sasa kuhusu kitu cha kulisimamishia shoka. Wengi huliweka chini kwenye udongo, na udongo hunyonya pigo. Sisi tuliweka magogo mawili mafupi ya mkaratusi juu ya kizingiti cha saruji, tukaacha pengo kati yake lenye upana unaozidi kidogo tundu. Shoka tukalilaza juu ya pengo, upande wa misumari ukitazama chini, upande uliokatwa ukitazama juu. Mashavu ya chuma yakae kwenye magogo karibu kabisa na tundu. Magogo yakiwa mbali mbali, chuma hurukaruka kila unapopiga, na kinachoruka hakipokei nguvu. Aliye na jiliwa anaweza kuyabana mashavu ndani yake, mradi taya zisizibe njia ya kutokea.

Cha kugongea kilikuwa boli la milimita 16 lililokatwa ncha na kusawazishwa kwa tupa. Tundu lilikuwa na upana wa milimita 20, kwa hiyo boli lingeweza kushuka ndani bila kugusa kuta. Nondo ya unene huo ingefaa vilevile. Kinachotakiwa ni uso bapa. Nimewaona watu wakitumia tindo au msumari mkubwa wa reli uliochongoka, kisha wanashangaa kigutu kimezidi kubana. Chochote kilichochongoka ukikipigilia kwenye mti ni kabari nyingine.

Na hapa pana jambo ambalo sitalipita kwa haraka. Usigonge nyundo kwa nyundo. Usigonge kisogo cha shoka kwa uso wa nyundo ya misumari. Vyuma viwili vilivyofanywa vigumu vikikutana kwa nguvu, kipande kidogo kinaweza kumeguka pembeni na kuruka, na kinaporuka hukioni. Kinaingia jichoni au shingoni. Boli la kawaida ni laini, linapondeka badala ya kumeguka, ndiyo sababu linakaa katikati. Hata hivyo tulivaa miwani, mimi na kijana wote wawili, na wadogo zake waliokuja kutazama nikawapeleka upande wa pili wa ua.

Tukagonga kwa nyundo ya kilo moja na nusu. Pigo moja ncha hii ya tundu, pigo moja ncha ile, kwa zamu, ili kigutu kishuke sawa na kisilale upande. Sauti ya kigutu kilichoshikwa ni nzito na fupi, du, du. Kikiachia, sauti hubadilika, huwa na uwazi ndani yake, na mkono unalisikia boli likiyumba. Tulipiga kumi na mbili. Sauti haikubadilika.

Nikamwambia atazame. Boli lilikuwa limezama ndani ya mti kwa milimita tatu, lakini tulipogeuza shoka, upande wa misumari haukuwa umetoka hata kidogo. Hiyo ndiyo dalili ya kusimama. Pigo linachimba mti, halisogezi kigutu. Anayeendelea hapo ataufanya mti upondeke na kutanuka chini ya boli, na atakuwa amejifungia mlango mwingine.

Dawa yake ni kuutoa moyo wa kigutu. Mti unaobana tundu unabana kwa sababu umejaa. Ukiutoboa katikati, kuta zake hupata mahali pa kuangukia. Tukachukua drili na biti ya chuma ya milimita 8. Biti ya mti inakata vizuri zaidi, lakini ikigusa msumari inakufa papo hapo, na humu misumari ilikuwapo. Tulitoboa kutoka chini, upande usio na misumari. Msumari uliopigwa kutoka juu ulikuwa haujafika huku, na tundu la shoka lile lilikuwa na kina cha sentimita saba. Nikafunga utepe kwenye biti, sentimita tatu na nusu kutoka nchani, kijana ajue pa kuishia.

Akatoboa matundu matano kwenye mstari, kando kando, akiacha mti kidogo kati ya tundu lake na ukuta wa chuma. Hiyo ngozi nyembamba ya pembeni ni lazima ibaki. Biti ikigusa ukuta hukwaruza chuma, na mkwaruzo ndani ya tundu huja kuutafuna mpini mpya. Katika tundu la nne biti ikalia na unga ukatoka wa kung'aa. Msumari ulikuwa umepinda na kuja huku. Akaiondoa, akasogea pembeni. Kisha kwa patasi nyembamba akabomoa kuta zilizotenganisha matundu hayo, ikapatikana njia moja ndefu katikati ya kigutu.

Asiye na drili afanyeje? Kekee ya mkono inatosha, ni jasho tu. Na mahali pasipo hata kekee, nimeona waya mnene au nondo nyembamba ikipashwa hadi nyekundu na kuchomekwa kwenye mti, ikitoboa kwa kuunguza. Huo si moto wa mafiga. Joto linabaki ndani ya mti, na chuma cha shoka hupata uvuguvugu tu endapo huna pupa. Zungushia kitambaa chenye maji kwenye makali, na baada ya kila tundu dondoshea tone la maji kwenye shavu. Tone likitulia, endelea. Likichemka, pumzika mpaka chuma kipoe. Maji huchemka kwenye nyuzi 100, na hapo bado uko mbali na joto la kuharibu makali, kwa hiyo tone linakuonya mapema.

Tukarudisha shoka kwenye magogo. Pigo la kwanza, du. La pili, du. La tatu likatoa sauti nyingine, kama mtu aliyegonga debe tupu, na kijana akanitazama. La nne likakishusha kigutu kwa urefu wa kucha. La tano kikaanguka katikati ya magogo, kikiwa kimoja, misumari mitatu ikichungulia na raba ikiwa imenata pembeni.

Kwa nyundo ya seremala hatua hii ya kutoboa nisingeisubiri. Tundu la nyundo nyingi lina kiuno kama nyigu: pana juu, pana chini, jembamba katikati. Kigutu chake kimebanwa pande zote mbili za kiuno. Ukigonga kutoka chini, nusu ya chini ya mti lazima ipite kwenye wembamba. Kwa hiyo toboa kwanza matundu mawili au matatu ya milimita 6, ondoa ukuta kati yake, ndipo ugonge kwa boli dogo. Ukianza na kugonga utapoteza asubuhi nzima.

Kijana alitaka kukitupa kigutu motoni, nikamzuia. Kigutu kilichotoka kikiwa kizima pembeni ni nakala ya tundu. Hakuna kipimo kizuri kuliko hicho cha kuchongea mpini mpya, na ndiyo maana ni afadhali kutoboa moyo wake kuliko kukisaga chote. Halafu kina mengi ya kusema. Tukakisafisha kwa kitambaa tukakigeuza juani. Upande mmoja, karibu na mdomo wa chini, palikuwa na mstari mweusi unaong'aa, pale mti uliposuguana na chuma kwa miaka. Sehemu kubwa ya katikati ilikuwa bado na rangi ya mti, na alama za kisu za aliyeuchonga zikionekana. Chuma hakikuwahi kuigusa. Mpini ule wote ulikuwa umeshikwa na mdomo wa chini na misumari ya juu tu, katikati ukielea. Kila shoka lilipopiga gogo, uzito wote ulikuja kwenye ule mstari mweusi. Na ukatikie wapi, kama si hapo?

Tukachungulia tundu lenyewe. Mdomo wa chini ulikuwa na ukingo mkali kama wa bati. Nilipopitisha kidole nikauhisi. Ukingo huo ulikuwa ukikata nyuzi za mti kila siku. Kijana akauzungusha kwa tupa ya duara mpaka ukawa laini. Na kwenye shavu la kushoto chuma kilikuwa kimebonyea kuelekea ndani, kidogo, kiasi cha unene wa kijiti cha kiberiti. Nikamuuliza kama shoka hili huwa linapigwa kisogo.

"Tunalitumia kupasulia magogo, mzee. Likinasa, kaka anapiga kisogo kwa nyundo kubwa."

Basi hilo lilikuwa jibu la kwa nini kigutu kiling'ang'ania hata baada ya kukauka. Mashavu ya tundu ni membamba, hayakuumbwa kuwa kabari. Yakipigwa kutoka nyuma hubonyea na kuubana mti, na yakizidi kupigwa hupasuka. Tuliyapaka mashavu masizi yaliyochanganywa na mafuta, tukayafuta, tukatazama kama kuna mstari mweusi uliobaki. Ufa ungeyashika masizi hayo. Haukuwapo. Ungekuwapo, ningemwambia alipeleke shoka kwa muuza vyuma chakavu, kwa kuwa tundu lililopasuka hufunguka siku moja mkononi, na kabari haliponyi hilo. Ule mbonyeo tuliupunguza kwa tupa, tukipima kwa kigutu kile kile, mpaka kikaingia na kutoka bila kukwaruza.

Mti wa mpini alikuwa nao: mpera mnyoofu ambao babu yake aliukata mwaka jana na kuuning'iniza darini. Nikaukagua, ulikuwa mkavu. Mti mbichi ungesinyaa ndani ya tundu na kumrudisha kwenye misumari. Akaketi kwenye kizingiti, akakiweka kigutu juu ya ncha ya mpera, akachukua kipande cha kaa jikoni na kuanza kuuchora mstari kukizunguka, polepole, ulimi ukiwa umetoka pembeni mwa mdomo.